Theluthi Mbili ya Nani? Kuandika Ibara ya Uchaguzi, Muhula na Kuondolewa kwa Kiongozi wa Klabu

Ndugu Mwenyekiti wa kikao, ndugu wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vilabu vya Moshi na vitongoji vyake, na ninyi wanachama mliokuja na katiba zenu mkononi, nawasalimu.

Waandaaji wameniomba nizungumzie ibara moja tu ya katiba ya klabu, ile inayohusu uchaguzi wa viongozi, muda wao wa kukaa madarakani na namna ya kumwondoa kiongozi kabla muda wake haujaisha. Nitaanzia mwisho, yaani kwenye kuondoa. Katika katiba nyingi za vilabu nilizopata kuzisoma, sehemu ya uchaguzi imejaza kurasa mbili na sehemu ya kuondoa imebaki mstari mmoja, na mstari wenyewe karibu kila mara ni huu: "Kiongozi yeyote anaweza kuondolewa madarakani kwa kura za theluthi mbili ya wanachama." Unasomeka vizuri, na siku ya kuupitisha hakuna anayenyoosha mkono kuuliza swali. Maswali huja siku ya kuutumia, na siku hiyo kila upande unakuwa na jibu lake.

Tuchukue klabu ya mfano, klabu ya mbio ambayo wanachama wake hukimbia pamoja alfajiri za Jumamosi na kujiandaa kwa Kilimanjaro Marathoni. Daftari lake lina majina 120. Kati ya hao, 84 wamelipa ada ya mwaka. Waliobaki 36 ni wale waliojiandikisha zamani kisha wakahama, au magoti yakawakataa, au kila mwezi wanaahidi kulipa mwezi ujao. Mweka hazina hajasoma taarifa ya fedha katika mikutano miwili mfululizo, na baadhi ya wanachama wanataka aondolewe. Mkutano mkuu maalumu unaitishwa na wanafika watu 51, wote wamelipa ada. Kura ya siri inapigwa na kuhesabiwa mbele ya watu: wanaotaka aondoke ni 33, wanaotaka abaki ni 14, kura 3 zimeharibika, na mwanachama mmoja amekaa kwenye kiti chake bila kupiga kura yoyote.

Je, mweka hazina ameondolewa? Anayesema "wanachama" ni wote walio kwenye daftari atadai kura 80, na hoja imeanguka vibaya. Anayesema ni wale waliolipa ada atadai kura 56, na hoja imeanguka vilevile. Anayesema ni wanachama waliohudhuria atagawa 51 kwa tatu na kupata kwamba zilihitajika kura 34, kwa hiyo mweka hazina amenusurika kwa kura moja. Na anayesema ni theluthi mbili ya kura halali zilizopigwa atatoa zile 3 zilizoharibika na yule mmoja aliyenyamaza, abaki na kura 47, ambazo theluthi mbili yake inatimia kwenye kura ya 32, na atatangaza kwamba mweka hazina ameondoka tangu dakika hiyo. Mkutano ni mmoja, kura ni zilezile, na kuna matokeo mawili yanayopingana. Hakuna aliyedanganya katika hao wanne. Kila mmoja anasoma katiba ileile.

Ubaya hauishii hapo, kwa sababu akidi nayo imeandikwa kwa mkono uleule. Katiba inasema akidi ni "nusu ya wanachama". Kwa hesabu ya daftari, nusu ni 60, na mkutano wa watu 51 haukuwa mkutano. Kwa hesabu ya waliolipa ada, nusu ni 42, na mkutano ulikuwa halali kabisa. Wakili wa mweka hazina akipewa katiba hiyo hana haja ya kutetea vitabu vya fedha vya mteja wake. Atabishania akidi tu, na miezi itapita.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwandishi wa ibara hii ni kuamua nani anahesabiwa, na kuliandika jibu hilo mara moja, mahali pamoja, kabla ya kutaja sehemu yoyote ya hesabu. Mimi hupendekeza maneno yafuatayo, na mnaweza kuyanakili: "Katika ibara hii, mwanachama hai ni mwanachama ambaye jina lake limo katika daftari la wanachama na ambaye amelipa ada ya mwaka siku thelathini au zaidi kabla ya tarehe ya mkutano." Zile siku thelathini zina sababu. Bila hizo, mtu anayetaka kushinda huja asubuhi ya mkutano na bahasha ya noti, akawalipia watu ishirini ada mlangoni, nao wakaingia kupiga kura huku wino wa risiti haujakauka. Kwa kuwa siku hizo zimetajwa, katibu anaweza kufunga daftari, kulibandika ubaoni na kupokea pingamizi mapema, na siku yenyewe watu hawagombani tena kuhusu nani aingie na nani abaki nje.

Kazi ya pili ni kuchagua kiwango cha kura. Wengi hufikiri kwamba theluthi mbili ya wanachama wote ndicho kiwango salama zaidi kwa sababu ndicho kikubwa zaidi, na huwa wananitajia Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Ni kweli kwamba Ibara ya 46A, inayohusu Bunge kumwondoa Rais madarakani, inataka kura za theluthi mbili ya Wabunge wote, wala si ya waliohudhuria. Lakini idadi ya Wabunge inajulikana wakati wote, na kuhudhuria vikao ndiyo kazi yao. Klabu ya mbio haiko hivyo. Katika klabu yetu ya mfano, wanachama hai 33 wasipofika, kwa sababu ya msiba, zamu ya kazi au uvivu tu, kila mmoja wao amempigia kiongozi kura ya kubaki bila kujua. Kati ya 51 waliofika, ingebidi 56 wakubali, jambo ambalo haliwezekani hata wangekubaliana wote. Kiwango cha namna hiyo kinampa kiongozi mbaya kinga ambayo haikukusudiwa na mtu, na wanachama wakishaona kwamba njia ya katiba imefungwa, wanaacha kulipa ada na kuanzisha klabu nyingine mtaa wa pili.

Upande wa pili una hatari yake. Ukiandika "theluthi mbili ya kura halali" na ukaishia hapo, watu wachache wanaweza kumwondoa kiongozi baada ya wengine kutoka nje kwa hasira, au baada ya wengi kuharibu kura. Njia ninayoiona inafaa ni kuweka viwango viwili kwa pamoja: hoja ipite kwa theluthi mbili ya kura halali zilizopigwa, na wakati huohuo kura za kuondoa zisipungue theluthi moja ya wanachama hai wote. Katika klabu yetu, theluthi moja ya 84 ni 28. Kura 33 zinavuka viwango vyote viwili, 32 na 28, kwa hiyo mweka hazina ameondolewa na hakuna nafasi ya ubishi. Tazameni pia jinsi 28 inavyokaa na akidi: akidi ni 42, na theluthi mbili ya 42 ni 28 kamili. Maana yake ni kwamba hata mkutano ukiwa mdogo kuliko yote inayokubalika, kura zinazohitajika hazishuki chini ya hapo, hata nusu ya ukumbi ikitoka kwenda kunywa chai.

Sasa, hoja haiwezi kupigiwa kura kama mkutano haukuitishwa, na hapa ndipo katiba nyingi zina shimo kubwa kuliko la theluthi mbili. Imeandikwa: "Mkutano mkuu maalumu utaitishwa na Mwenyekiti pale atakapoona inafaa." Mwenyekiti anayetuhumiwa hataona inafaa. Atasema subirini tumalize maandalizi ya Februari, kisha atasema mvua za masika, kisha atasema tusubiri Desemba watu warudi kutoka Dar es Salaam. Haki ya wanachama kuitisha mkutano lazima iandikwe kwa ngazi, na kila ngazi iwe na tarehe yake.

Ngazi ya kwanza ni ombi la maandishi lenye sahihi za moja ya tano ya wanachama hai, likitaja kiongozi anayehusika na sababu. Katika klabu yenye wanachama hai 84, moja ya tano ni 16 na sehemu, na katiba iseme wazi kwamba sehemu hupandishwa hadi namba nzima, yaani 17. Ombi linapelekwa kwa Katibu, na nakala kwa Mwenyekiti. Kama Katibu ndiye anayelalamikiwa, linapelekwa kwa Mwenyekiti. Ngazi ya pili ni kwamba aliyepokea ombi aitishe mkutano ufanyike ndani ya siku 30. Ngazi ya tatu, ambayo ndiyo yenye nguvu, ni kwamba ikipita siku ya kumi bila taarifa ya mkutano kutolewa, waliotia sahihi wanaweza kuuitisha wenyewe, kwa taarifa ya siku 14, na mkutano huo una hadhi sawa na ule ambao ungeitishwa na Mwenyekiti.

Niongeze jambo dogo linaloangusha watu. Vilabu vyetu hutoa taarifa zote kwenye kundi la WhatsApp, na msimamizi wa kundi mara nyingi ndiye Mwenyekiti mwenyewe au Katibu. Siku ya mgogoro, waliotia sahihi wanajikuta wameondolewa kwenye kundi saa mbili usiku, na taarifa yao haina pa kupitia. Kwa hiyo katiba iseme kwamba taarifa ya mkutano ni halali ikitumwa kwa ujumbe mfupi wa simu kwenye namba iliyo katika daftari la wanachama, na kwamba mwanachama hai yeyote ana haki ya kupewa nakala ya daftari ndani ya siku tatu tangu alipoomba. Kwa upande wangu ningeweka nakala ya pili ya daftari kwa mtu asiye kiongozi, mlezi wa klabu kwa mfano. Haigharimu kitu.

Ibara ya 46A niliyoitaja ina mambo mawili ambayo klabu inaweza kuyaiga bila shida. Taarifa ya kumwondoa Rais lazima iungwe mkono kwa sahihi za asilimia 20 ya Wabunge wote na ifike kwa Spika siku 30 kabla ya kikao, na hoja ikikataliwa, haiwezi kurudishwa ndani ya miezi 20. Moja ya tano yetu inafanana na hiyo asilimia 20. Kuhusu kurudisha hoja, miezi 20 ni mingi mno kwa klabu ambayo muhula wake ni miaka mitatu. Miezi sita inatosha kumwacha kiongozi afanye kazi bila kuitwa mkutanoni kila mwezi kwa tuhuma ileile.

Nakuja kwenye kusikilizwa. Katiba ya nchi, Ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, pamoja na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Uamuzi wa klabu ukifikishwa kwa msajili au mahakamani, swali la mwanzo kabisa huwa hilo: je, huyu mtu alisikilizwa? Klabu yenye ushahidi mzito wa fedha kupotea inaweza kushindwa kwa sababu tu mtuhumiwa aliarifiwa asubuhi ya mkutano, kwa mdomo, kwamba leo kuna ajenda inayomhusu.

Kusikilizwa kunaandikwa hivi: mtuhumiwa apewe tuhuma kwa maandishi siku zisizopungua 14 kabla ya mkutano, zikitaja jambo lenyewe na si tabia yake kwa ujumla. "Mweka hazina si mwaminifu" hiyo ni tusi. "Mweka hazina hakuwasilisha taarifa ya mapato na matumizi katika mkutano wa robo ya pili na ule wa robo ya tatu, ingawa Kamati Tendaji ilimwandikia barua" hiyo ni tuhuma, na mtu anaweza kuijibu. Ajibu kwa maandishi akipenda, azungumze mkutanoni kabla ya kura, na aruhusiwe kuja na mwanachama mwenzake wa kumsaidia. Yeye mwenyewe asiongoze mkutano huo, hata kama ni Mwenyekiti. Na kama kamati nzima inatuhumiwa, waliohudhuria wachague mwenyekiti wa muda na mwandishi wa muda kabla ya ajenda nyingine yoyote. Awe pia na wakala wake mmoja wakati wa kuhesabu kura.

Kuna swali ambalo huulizwa sana: je, Kamati Tendaji inaweza kumwondoa kiongozi yenyewe, bila kusubiri mkutano mkuu? Maoni yangu ni kwamba haifai. Aliyechaguliwa na mkutano mkuu aondolewe na mkutano mkuu. Kamati ipewe uwezo wa kumsimamisha tu, na hata huo uwe kwa mtu anayeshika fedha au mali, kwa siku zisizozidi 30, na usimamishaji ufe wenyewe siku hizo zikiisha bila mkutano kufanyika. Nimeona kamati ya watu saba ambayo wanne walikuwa wakiwasimamisha watatu kwa zamu, na hakuna hata mmoja aliyepata kusikilizwa na wanachama. Iandikwe pia kwamba kuondolewa katika uongozi si kufukuzwa uanachama. Hiyo ni ibara nyingine na utaratibu mwingine. Na aliyeondolewa asiruhusiwe kugombea nafasi yoyote hadi muhula huo uishe, vinginevyo atajaza fomu wiki mbili baadaye katika uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi yake mwenyewe.

Kura imepita, mweka hazina ameondoka. Jumatatu asubuhi mnakwenda benki kubadilisha watia saini. Benki itataka muhtasari wa mkutano uliotiwa sahihi na muhuri wa klabu. Katiba inasema muhtasari hutiwa sahihi na Mwenyekiti na Katibu. Je, kama aliyeondolewa ni Katibu, na muhuri uko nyumbani kwake? Andikeni kwamba muhtasari wa mkutano wa kuondoa kiongozi utatiwa sahihi na aliyeongoza mkutano huo na aliyeuandika, pamoja na wanachama hai watatu waliochaguliwa na mkutano kama mashahidi, na kwamba muhtasari huo unatosha kubadilisha watia saini hata bila sahihi ya aliyeondolewa. Makabidhiano yafanyike ndani ya siku saba, kwa orodha: vitabu vya risiti, hati za benki, muhuri, nywila za akaunti za klabu mtandaoni, jezi zilizobaki, hema na saa ya kupimia muda. Na kama ada zenu zinalipwa kwa simu kwenye laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mweka hazina mwenyewe, fahamuni kwamba mbele ya kampuni ya simu fedha hizo ni zake. Hakuna ibara ya kuondoa itakayozirudisha. Dawa ni sentensi moja katika ibara ya fedha, kwamba mapato yote ya klabu yatapokelewa kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa jina la klabu tu.

Kuhusu muda wa madaraka nitakuwa mfupi zaidi, ingawa kuna sehemu mbili zinazohitaji uangalifu. Sehemu ya kwanza ni mwisho wa muhula. Ukiandika "viongozi watashika madaraka kwa miaka mitatu" na kunyamaza, siku miaka hiyo inapotimia bila uchaguzi, klabu haina viongozi, na hakuna mwenye mamlaka ya kuitisha uchaguzi wenyewe. Ukijihami kwa kuongeza "au mpaka viongozi wengine watakapochaguliwa", umempa kiongozi sababu ya kutokuitisha uchaguzi milele. Jibu ni kuweka daraja fupi lenye mwisho: "Muhula utaanza siku ya makabidhiano na kudumu miaka mitatu. Uchaguzi usipofanyika kwa wakati, viongozi waliopo wataendelea kwa siku zisizozidi 60, bila uwezo wa kuingia mikataba mipya wala kutoa fedha nje ya bajeti iliyopitishwa. Siku hizo zikiisha, Kamati ya Uchaguzi itaitisha uchaguzi kwa mamlaka yake yenyewe." Hili linawezekana tu kama Kamati ya Uchaguzi imeteuliwa na mkutano mkuu mwaka mmoja kabla, na si wiki moja kabla, watu watatu wasiogombea wanatosha.

Sehemu ya pili ni ukomo. Wengi mmeweka mihula miwili mfululizo, na ni sawa. Lakini aliyeingia katikati kujaza nafasi iliyoachwa wazi anahesabiwaje? Hapa Katiba ya nchi inatupa mfano mzuri. Ibara ya 40(4) inasema Makamu wa Rais akishika kiti cha Rais kwa muda unaopungua miaka mitatu ataruhusiwa kugombea urais mara mbili, na akishika kwa miaka mitatu au zaidi ataruhusiwa mara moja tu. Muhula wa Rais ni miaka mitano, kwa hiyo mpaka umewekwa baada tu ya kupita nusu. Kwa muhula wa klabu wa miaka mitatu, wekeni miezi 18: aliyejaza nafasi kwa miezi 18 au zaidi amehesabiwa muhula mzima, aliyejaza kwa muda mfupi zaidi hajahesabiwa. Semeni pia kwamba muhula unahesabika hata mtu akijiuzulu kabla haujaisha, kwa sababu kuna mwerevu atakayejiuzulu mwezi mmoja kabla ya mwisho wa muhula wa pili na kudai hakuumaliza. Na semeni kama ukomo ni wa nafasi moja au wa uongozi wote, kwa maana Mwenyekiti na Katibu wakibadilishana viti kila baada ya miaka sita, barua ya katiba inaweza kuwa imefuatwa na wanachama bado wanaongozwa na watu walewale wawili.

Kwenye uchaguzi wenyewe sina mengi, kwa kuwa mji huu umezoea mikutano mikuu na masanduku ya kura tangu enzi za KNCU iliyoanzishwa mwaka 1933, na kura ya siri haina mgeni hapa. Amueni jambo moja tu ambalo huachwa. Wagombea wakiwa watatu, wakapata kura 20, 17 na 14, je, mwenye 20 ameshinda ingawa watu 31 hawakumtaka? Kwa Mwenyekiti ningeweka zaidi ya nusu ya kura halali, na duru ya pili kati ya wawili wa juu siku hiyohiyo. Kwa nafasi nyingine, anayeongoza ashinde. Mgombea akiwa mmoja, apigiwe kura ya ndiyo au hapana, asipitishwe kwa makofi. Kura zikilingana, zirudiwe mara moja, na zikilingana tena ipigwe bahati nasibu mbele ya wote. Kuhusu tarehe, epukeni Januari na Februari, wakati akili za watu wote ziko kwenye marathoni, na mfikiri mara mbili kuhusu wiki ya mwisho ya Desemba. Ukumbi utajaa, ni kweli, lakini wengi watakaoujaza watachagua viongozi Jumamosi na kupanda basi Jumatatu.

Limebaki jambo la masharti ya mpito, na ndilo huzua ugomvi wa mwisho. Mkipitisha ibara hii mwaka huu, je, Mwenyekiti ambaye tayari amekaa miaka saba anaanza kuhesabiwa leo au tangu alipoingia? Njia zote mbili ninaziona zinakubalika, ila kukaa kimya hakukubaliki. Mkitaka amani, andikeni kwamba muhula unaoendelea sasa utahesabiwa kuwa wa kwanza na iliyotangulia haitahesabiwa; mkitaka mabadiliko ya haraka, andikeni kwamba mihula yote inahesabiwa na waliofikia ukomo watamaliza muhula uliopo bila kugombea tena. Kifungu hiki kipigiwe kura peke yake, ili wasiompenda Mwenyekiti wasiiangushe ibara nzima kwa ajili yake, na wanaompenda wasifanye hivyohivyo. Kisha pelekeni marekebisho kwa msajili anayewahusu: vilabu vya michezo kwa msajili wa vyama vya michezo chini ya Baraza la Michezo la Taifa, na jumuiya zilizosajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Msimwondoe mtu yeyote kwa ibara mpya kabla hamjapata jibu la maandishi kutoka huko. Hadi siku hiyo tumieni ya zamani, pamoja na mapungufu yake.

Nimemaliza, na muda wa maswali upo. Naomba tuanze na wale ambao katiba zao zina ule mstari mmoja wa theluthi mbili. Zifungueni ukurasa huo, tuhesabu pamoja kwa idadi ya wanachama wenu wenyewe.